Maneno Yasiyoletwa kwa Ajili ya Ukweli Wake: Mwongozo wa Kujibu Pingamizi la Ushahidi wa Tetesi

Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma hoja za mawakili wachanga na wanafunzi wa sheria, na kosa moja halinipiti wiki bila kulikuta. Upande wa pili unasimama na kusema, "Hayo ni ushahidi wa tetesi," naye mwandishi wa hoja anajibu kwa sentensi moja tu: "Maneno haya hayaletwi kwa ajili ya ukweli wake." Kisha ananyamaza, kana kwamba sentensi hiyo ni ufunguo wa kila mlango. Mahakama inamuuliza swali linalofuata, nalo ni la haki kabisa: "Basi yanaletwa kwa ajili ya nini?" Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Mwongozo huu unalijibu swali hilo hatua kwa hatua. Nimechagua aina moja tu ya maneno, yaani maneno yaliyosemwa nje ya mahakama ambayo yanaletwa kuonyesha kwamba mtu fulani aliyasikia, na kwa kuyasikia akawa na taarifa, hofu au sababu ya kuchukua hatua. Aina hii ndiyo inayojitokeza mara nyingi zaidi, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Ninaizungumzia kanuni kama inavyoeleweka katika mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza: kauli iliyotolewa nje ya mahakama ni tetesi pale tu inapoletwa ili mahakama iamini kwamba kilichosemwa ndani yake ni kweli.

## Kesi tutakayoifanyia kazi

Katika ghala moja, mzigo uliokuwa ukipandishwa kwa winchi ulianguka baada ya waya kukatika, ukamvunja mguu mpakiaji aliyekuwa chini. Ajali ilitokea siku ya Jumatano. Mpakiaji ameishitaki kampuni yenye ghala kwa uzembe.

Karani wa stoo anasema kwamba Jumatatu asubuhi, siku mbili kabla ya ajali, alikuwa amesimama mlangoni akihesabu magunia. Akamsikia fundi akimwambia msimamizi wa zamu maneno haya: "Waya wa winchi umeanza kukatika nyuzi karibu na ndoano, na wewe unajua tangu mwezi uliopita." Msimamizi akajibu: "Maliza zamu kwanza, tutaangalia." Fundi huyo ameacha kazi na hajulikani alipo. Anayeweza kuja mahakamani ni karani peke yake.

Kampuni inakana mambo mawili. Kwanza, inasema waya ulikuwa mzima na ulikatika kwa sababu wapakiaji walizidisha uzito. Pili, inasema hakuna mtu yeyote aliyewahi kuitaarifu juu ya hitilafu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Hati ya madai na utetezi wa maandishi, vikiwa vimewekewa alama mahali ambapo jambo limekubaliwa na mahali ambapo limekanwa.
- Maneno yenyewe kama yalivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema, aliyeambiwa, aliyesikia, siku na mahali.
- Ushahidi mwingine unaojitegemea juu ya jambo lililotajwa katika maneno hayo. Katika kesi yetu, hiki ni kipande cha waya uliokatika na mtaalamu aliyekichunguza.
- Sheria ya ushahidi ya mahali unapofikia mahakamani, kwa kuwa maneno ya vifungu hutofautiana hata pale msingi unapokuwa mmoja.
- Karatasi iliyogawanywa safu mbili. Usiidharau karatasi hii, kwa sababu nusu ya kazi inafanyika juu yake.

## Hatua ya 1: Yaandike maneno kama yalivyosemwa, kisha uyakate vipande

Katika safu ya kushoto, andika kauli nzima. Usiandike kwamba "fundi alilalamika kuhusu winchi." Muhtasari wa namna hiyo ni tafsiri ya shahidi, na mahakama haiwezi kupima matumizi ya maneno isiyoyajua.

Ukishayaandika, tafuta ni madai mangapi yaliyomo. Kauli ya fundi inaonekana kuwa sentensi moja, lakini ina madai mawili. La kwanza ni kwamba waya umeanza kukatika nyuzi. La pili ni kwamba msimamizi anajua tangu mwezi uliopita. Yape kila moja mstari wake, kwa sababu safari zake zitakuwa tofauti kabisa, na wakili anayeyapeleka yote mawili kama furushi moja huyapoteza yote mawili.

Swali linalofuata katika hatua hii ni hili: shahidi wako aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mwenyewe? Karani wetu alikuwepo, na kwa hiyo anaweza kuhojiwa kama alisikia vizuri, kama alikuwa karibu, kama kelele za ghala zilimzuia. Lakini tuseme karani hakuwepo, bali fundi alimwambia wakati wa chakula, "Nimeshamweleza msimamizi kuhusu waya." Hapo hali imebadilika kabisa. Sasa kinachotafutwa ni mahakama iamini kwamba msimamizi aliambiwa, na anayesema kwamba aliambiwa ni fundi asiyekuwepo. Hiyo ni tetesi halisi, na kusema kwamba lengo ni "kuonyesha taarifa" hakuiponyi.

Nimeona kosa hili likipita macho ya watu makini. Wanaliona neno "taarifa" na kusahau kuuliza taarifa hiyo yenyewe inathibitishwa na nani.

Utajua umefaulu ukiwa na mistari miwili au zaidi yenye dai moja moja, na shahidi anayeweza kusema, "Nilikuwepo, nikasikia."

## Hatua ya 2: Taja jambo linalobishaniwa

Katika safu ya kulia, mkabala na kila dai, andika jambo unalotaka kulithibitisha. Jambo hilo lazima litoke katika hati za kesi, siyo katika kichwa chako.

Mpakiaji anapaswa kuthibitisha kwamba kampuni ilijua, au ilipaswa kujua, juu ya hatari, na haikuchukua hatua. Kampuni imekana kujua. Kwa hiyo mkabala na dai la kwanza tunaandika: "Msimamizi alipewa tahadhari Jumatatu, kabla ya ajali." Jambo hilo ni sehemu ya uzembe, na limekanwa waziwazi katika utetezi wa maandishi.

Sababu ya kusisitiza hatua hii ni kwamba kauli isiyoletwa kwa ukweli wake bado inapaswa kuhusika na kesi. Kujibu hoja ya tetesi hakumalizi swali la uhusiano. Mfano wa kila siku ni ule wa askari anayeulizwa na mwendesha mashitaka kwa nini alikwenda katika nyumba ya mshitakiwa, naye anajibu: "Mtoa taarifa aliniambia kwamba huyu anauza dawa za kulevya." Pingamizi linapokuja, jibu huwa kwamba maneno hayo yanaeleza tu sababu ya askari kwenda pale.

Ni nani aliyebisha juu ya sababu ya askari kwenda pale? Mara nyingi hakuna. Mshitakiwa anabisha kwamba dawa hazikuwa zake. Kwa hiyo lengo lililotajwa halina kazi yoyote katika kesi, na kazi pekee iliyobaki kwa maneno hayo ni ile iliyokatazwa: kumfanya anayeamua aamini kwamba mshitakiwa ni muuzaji, kwa sababu mtu asiyejulikana amesema hivyo. Askari anaweza kusema kwamba alikwenda "kutokana na taarifa alizopokea," na simulizi likaeleweka bila kuvunjika. Hali hubadilika pale uhalali wa upekuzi wenyewe unapobishaniwa, kwa sababu hapo alichoambiwa askari kabla ya kuingia kinakuwa ndicho kiini cha swali.

Onyo: maneno "kueleza mwenendo wa matukio" au "kutoa usuli" yakionekana katika safu yako ya kulia, rudi nyuma. Hilo si jambo linalobishaniwa.

Utajua umefaulu ukiweza kuweka kidole kwenye aya ya utetezi wa maandishi inayokana jambo uliloliandika.

## Hatua ya 3: Mfanye msemaji awe mwongo

Hiki ndicho kipimo chenyewe, nami naomba msomaji asikipitie haraka. Chukua dai, kisha uchukulie kwamba aliyelisema alikuwa akidanganya au alikosea kabisa. Halafu jiulize: je, jambo nililoliandika katika safu ya kulia bado linasimama?

Tujaribu dai la kwanza. Tuseme fundi alikosea, na alichokiona kilikuwa grisi iliyokauka, si nyuzi zilizokatika. Je, msimamizi alipewa tahadhari Jumatatu? Ndiyo. Aliambiwa na fundi wake kwamba waya una hitilafu, na msimamizi mwangalifu angesimamisha winchi na kwenda kutazama. Jambo letu limesimama ijapokuwa fundi amekosea. Maneno yana kazi kwa sababu yalisemwa na yakasikiwa. Dai la kwanza limevuka.

Sasa dai la pili: "wewe unajua tangu mwezi uliopita." Wakili wa mpakiaji angependa kulitumia kuonyesha kwamba msimamizi alikuwa anajua kabla hata ya Jumatatu. Mfanye fundi awe mwongo. Je, bado kuna ushahidi kwamba msimamizi alijua mwezi uliopita? Hapana, hakuna chochote kilichobaki. Njia yote kutoka kwenye maneno hadi kwenye hitimisho inapita ndani ya ukweli wa maneno hayo. Dai la pili ni tetesi, na halivuki kwa mlango huu hata kama neno "kujua" limo ndani yake.

Tofauti hii ndiyo inayowachanganya wengi. Maneno *yanayompa* mtu taarifa si sawa na maneno *yanayosema* kwamba mtu alikuwa na taarifa. Ya kwanza yanafanya kazi kwa kusikiwa. Ya pili yanafanya kazi kwa kuaminiwa.

Mahakama ya rufaa ya Baraza la Faragha mjini London ilikiweka kipimo hiki wazi mwaka 1956 katika kesi ya Subramaniam iliyotoka Malaya. Mshitakiwa alikutwa akiwa na risasi 20, na kosa hilo wakati wa hali ya hatari lilimletea hukumu ya kifo. Utetezi wake ulikuwa kwamba waasi walimteka na kumtisha, na kwamba alifanya waliyomlazimisha. Alipotaka kusimulia waliyomwambia, jaji alimzuia kwa kusema kwamba ni tetesi na kwamba waasi wenyewe hawakuitwa. Baraza la Faragha likasema kwamba hilo lilikuwa kosa, na hukumu ikatenguliwa.

Pitisha maneno yale katika kipimo. Tuseme waasi walimwambia watamuua, lakini mioyoni mwao hawakuwa na nia ya kumuua hata kidogo, yaani walikuwa waongo. Je, hofu ya aliyetishwa inapungua? Haipungui, maadamu aliwaamini. Swali la kesi lilikuwa hofu yake, na hofu hiyo ilitokana na kusikia. Kuwaita waasi mahakamani kusingeongeza chochote, kwa sababu hakuna aliyehitaji kupima ukweli wao.

Jambo moja zaidi juu ya kipimo hiki, nalo ni wakati. Maneno yanayoletwa kuonyesha tahadhari lazima yawe yalisemwa kabla ya tukio. Fundi angekuwa amesema Alhamisi, "Waya ule ulikuwa umekatika nyuzi," maneno hayo yasingeweza kumtahadharisha mtu yeyote juu ya ajali ya Jumatano. Kazi yake pekee ingekuwa kuthibitisha hali ya waya, na hiyo ni tetesi.

Utajua umefaulu ukiweza kuandika sentensi hii kwa ukweli: "Hata kama fundi alikosea, bado maneno yake yanathibitisha kwamba ..." Ukishindwa kuimalizia bila kuazima ukweli wa kauli, dai hilo lifute katika orodha yako, au lipitishe katika mojawapo ya vighairi vya kanuni ya tetesi, jambo ambalo lina taratibu zake.

## Hatua ya 4: Thibitisha hali halisi kwa njia nyingine

Hapa ndipo ushindi wa hatua ya tatu unapodai malipo. Umeiambia mahakama kwamba huleti maneno ya fundi ili kuthibitisha kwamba waya ulikuwa mbovu. Basi ubovu wa waya bado haujathibitishwa hata kidogo, na kampuni imeukana.

Usipoleta ushahidi mwingine, tahadhari ya Jumatatu itabaki kuning'inia. Msimamizi aliyepuuza onyo juu ya waya mzima hakusababisha ajali kwa kupuuza kwake, hata kama tabia yake haipendezi. Kwa hiyo kipande cha waya kinapaswa kutolewa kama kielelezo, na mtaalamu aeleze alichokiona: kwa mfano, ncha za nyuzi zilizoliwa na kutu na kusagika kabla ya siku ya ajali, zikitofautiana na ncha safi za nyuzi zilizokatika kwa mvuto wa ghafla. Kama karani mwenyewe aliutazama waya ule Jumatatu, na aseme alichokiona kwa macho yake.

Ninapendekeza mtaalamu atangulie kutoa ushahidi pale utaratibu unaporuhusu. Jaji akishasikia kwamba nyuzi zilikuwa zimesagika muda mrefu kabla ya ajali, hatakuwa na sababu ya kushuku kwamba unataka kuingiza hali ya waya kwa mlango wa nyuma kupitia mdomo wa fundi.

Utajua umefaulu ikiwa, ukilifunika jina la fundi katika orodha yako ya ushahidi, bado kuna shahidi au kielelezo kinachosema waya ulikuwa mbovu.

## Hatua ya 5: Pima madhara, kisha upunguze maneno

Maneno yanaweza kupita kipimo cha uongo na bado yakazuiwa, kwa sababu yule anayeamua atashindwa kuyasikia kwa lengo dogo lililotajwa bila kuyaamini pia. Hatari hiyo ni kubwa zaidi maneno yanapomtaja mtu kwa kosa lenyewe analoshitakiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kesi ya Shepard iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1933. Daktari wa jeshi alishitakiwa kwa kumuua mkewe kwa sumu. Mke, akiwa mgonjwa kitandani, alimwambia muuguzi kwamba daktari Shepard amempa sumu. Kesi iliposikilizwa, maneno hayo yalipokelewa kama kauli ya mtu anayejua kwamba anakufa. Mahakama Kuu ikaona kwamba masharti ya kauli ya namna hiyo hayakutimia. Serikali ikajaribu njia nyingine, ikasema kwamba maneno yale yalionyesha hali ya akili ya marehemu, yaani kwamba hakuwa na nia ya kujiua kama utetezi ulivyodai.

Jaji Cardozo aliikataa hoja hiyo kwa sababu mbili ambazo kila mwandishi wa hoja anapaswa kuzishika. Ya kwanza ni kwamba maneno hayakuletwa kwa lengo hilo wakati wa kusikiliza kesi. Yaliletwa na kutumiwa kama uthibitisho wa kosa, na lengo lisilotajwa kule chini haliwezi kubuniwa wakati wa rufaa. Ya pili ni kwamba hakuna juri ambalo lingeweza kuchukua kutoka kwenye maneno yale ishara ya mke kutotaka kufa, na wakati huohuo lizibe masikio lisisikie kwamba mume ndiye aliyetajwa kuwa muuaji.

Turudi ghalani. Dai la kwanza la fundi halina hatari ya kiwango hicho. Linagusa hali ya waya, na hali hiyo inathibitishwa na mtaalamu. Dai la pili tumeshaona kwamba ni tetesi, na lina madhara makubwa kwa sababu linamchora msimamizi kama mtu aliyenyamazia hatari kwa mwezi mzima. Likate. Mwandae karani asimulie nusu ya kwanza tu, na umweleze kwa nini, ili asiropoke nusu ya pili wakati wa maswali ya dodoso. Mjulishe pia wakili wa upande wa pili kwamba umeikata. Wengine huona hilo kama udhaifu, ila kwa maoni yangu ndilo linaloifanya mahakama iamini lengo ulilolitaja.

Jibu la msimamizi, "Maliza zamu kwanza, tutaangalia," lina njia yake. Ni kauli ya mtu wa kampuni akiwa kazini, na sheria nyingi zinaruhusu kauli ya namna hiyo itumike dhidi ya kampuni iliyomwajiri. Lilete, kwa kuwa linaonyesha kwamba alisikia na kuelewa. Lakini litetee kwa hoja yake peke yake, usilichanganye na maneno ya fundi.

Onyo: upande wa pili unaweza kusimama na kusema, "Tunakubali kwamba msimamizi alitahadharishwa Jumatatu." Wakikubali kwa maandishi na bila masharti, jambo halibishaniwi tena, na haja ya maneno ya fundi hupungua au kuisha kabisa. Kubali, na uhakikishe kukubali kwao kumeandikwa katika kumbukumbu za mahakama.

## Hatua ya 6: Jibu pingamizi kwa sentensi tatu

Pingamizi likija, hutakuwa na muda wa kuhutubia. Jibu zuri lina sehemu tatu: lengo, jambo linalobishaniwa, na mpaka. Hivi ndivyo mambo yanavyoweza kwenda:

"Mheshimiwa Jaji, napinga. Shahidi anaulizwa alichokisema fundi ambaye hayupo. Hii ni tetesi."

"Mheshimiwa Jaji, maneno haya yanaletwa kuonyesha kwamba msimamizi alitahadharishwa siku mbili kabla ya ajali. Mdaiwa amekana jambo hilo katika aya ya 6 ya utetezi wake. Hatuiombi mahakama iyatumie kuamua kama waya ulikuwa mbovu, kwa sababu hilo tumelithibitisha kwa kielelezo na kwa mtaalamu."

"Wakili msomi, mahakama itajuaje kwamba maneno hayo yalisemwa kweli?"

"Kwa karani, Mheshimiwa. Alikuwepo, aliyasikia, na wakili msomi mwenzangu anaweza kumhoji."

Swali hilo la mwisho la jaji ni la muhimu kuliko linavyoonekana. Kanuni ya tetesi inalinda haki ya kumhoji yule ambaye ukweli wake unategemewa. Hapa anayetegemewa ni karani, juu ya kama maneno yalitamkwa, naye amesimama kizimbani. Fundi hategemewi kwa chochote. Ukiweza kulieleza hilo kwa utulivu, pingamizi limejibiwa kutoka kwenye mzizi wake.

Baada ya uamuzi, omba mpaka uwekwe kwenye kumbukumbu. Penye juri, omba liambiwe saa hiyohiyo kwamba maneno yamepokelewa kwa ajili ya tahadhari tu. Jaji akiwa peke yake, omba aandike hivyo katika mwenendo wa shauri. Wapo wanaoona aibu kumwomba jaji ajiwekee mpaka, lakini mahakama ya rufaa itasoma kumbukumbu, haitasoma nia yako.

Utajua umefaulu ukisoma kumbukumbu za siku hiyo na kukuta lengo limetajwa kwa jina.

## Hatua ya 7: Uheshimu mpaka katika hoja za mwisho

Kesi nyingi zilizovuka salama hatua zote sita huharibikia hapa. Wakili aliyesema maneno si kwa ajili ya ukweli wake anasimama siku ya mwisho, damu imechemka, anasema: "Hata fundi wa kampuni yenyewe alisema waya umekatika nyuzi!" Kwa sentensi hiyo moja ameyageuza maneno kuwa uthibitisho wa hali ya waya, na ameupa upande wa pili sababu ya rufaa.

Chukua rasimu yako ya hoja za mwisho na utie alama kila mahali fundi anapotajwa. Kila alama iulize swali moja: hapa ninamtegemea fundi kuwa mkweli, au nategemea tu kwamba alisikiwa? Sentensi ya kutegemea ukweli wake iandike upya kwa ushahidi mwingine. Sentensi ya juu, kwa mfano, inakuwa hivi:

"Mtaalamu amethibitisha kwamba nyuzi zilikuwa zimesagika kabla ya Jumatano. Karani amethibitisha kwamba Jumatatu asubuhi msimamizi alitahadharishwa juu ya waya huo. Winchi haikusimamishwa Jumatatu, haikusimamishwa Jumanne, na Jumatano ilipandisha mzigo."